UZI: Ukungu wa Mtera kwenye sheda unatoa mikanda mikanda kama maganda ya kitunguu, bluu noizi nimeweka na bado

nzuguni_pikseli
Mbukwenyi wakuu. Nina mandhari natengeneza na three.js, alfajiri pale bwawa la Mtera, kamera iko juu ya jiwe, kimo cha mita 30 kutoka kwenye maji, chini ukungu umelala kimo chake mita 12 hivi na vichwa vya mibuyu vinachungulia. Sikutumia ule ukungu wa bure unaokuja na three.js, nimeandika wangu ndani ya fragmenti sheda, mwale unatoka kwenye kamera unapiga hatua 24 mpaka mita 480, kila hatua nauliza ukungu hapa ni mzito kiasi gani najumlisha naendelea. Kwa hiyo hatua moja ni mita 20.

Shida ni mikanda. Juu ya maji yanatokea mapinde yanayoizunguka kamera, moja nyuma ya jingine, nikisogeza kamera nayo yanasogea. Nikiweka hatua 96 kwenye laptopu yanapotea lakini simu yangu inabaki na fremu 11 kwa sekunde, haiwezekani. Jamaa akaniambia weka bluu noizi akanitumia tekscha yake, nimeweka, mikanda imepungua ukali kidogo tu halafu yameongezeka madoa madoa kama ukuta wenye fangasi. Nakosea wapi?

fundi_wa_vioo
Mistari kwenye skrini mara nyingi ni flexi ya kioo imelegea au simu ililaliwa. Umeidondosha karibuni? Usikubali wakubadilishie kioo kizima kabla hawajakaza flexi kwanza.

nzuguni_pikseli
Hahaha hapana mkuu iko ndani ya picha yenyewe, nikikutumia skrinshoti na wewe utaiona kwenye kioo chako kizima.

mzalendo_wa_Kongwa
Mi nauliza tu, ukungu Dodoma umeuona wapi ndugu yangu? Hilo ni vumbi la mwezi wa nane. Badilisha rangi iwe ya udongo umalize kazi.

nzuguni_pikseli
Kapite Mtera saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa sita ndio uje tubishane.

baba_gama
Dogo hiyo inajulikana. Skrini ni biti 8, maana yake kila rangi ina levo 256 tu, sasa ukungu ni kitu kinachobadilika taratibu sana kwa hiyo levo zinaisha, sehemu kubwa inabaki rangi moja halafu inaruka kwenda inayofuata, ndio mkanda huo. Tumia bafa ya `RGBA16F` kwenye renda tageti yako mikanda inaisha. Noizi achana nayo, unachafua picha bure.

nzuguni_pikseli
Baba nimejaribu sasa hivi, `HalfFloatType`, hakuna kilichobadilika hata kidogo. Mapinde yako palepale.

binti_kolo
Baba_gama mikanda unayoisema ipo kweli, ila hii sio yenyewe. Zipo za aina mbili na watu wanazichanganya kwa sababu kwa macho zinafanana. Nzuguni, fanya vitu viwili kabla hujagusa kitu kingine chochote. Kwanza badilisha hatua kutoka 24 kwenda 30, umbali uache uleule, angalia kama mapinde yamehama. Pili piga skrinshoti, ifungue kwenye programu yoyote ya picha yenye kile kidude cha kunyonya rangi, usome namba za pikseli ya upande huu wa mpaka wa mkanda na ya upande wa pili. Lete majibu.

nzuguni_pikseli
Dada nimefanya. Kwenye 30 mapinde yamesogea na yameongezeka. Namba: upande mmoja 141, upande wa pili 150, hiyo chaneli nyekundu.

binti_kolo
Basi kesi imeisha. Mikanda ya biti 8 ukivuka mpaka namba inapanda moja tu, 141 kwenda 142, haiwezi kuruka 9. Na haijui habari za hatua zako, ungeweka 24 au 30 ingekaa palepale. Hii yako inatokana na hatua.

Angalia kinachotokea. Chukua mwale unaoshuka mita 1 kila mita 10, yaani `rd.y` ni -0.1. Kamera iko mita 30, ukungu unaanzia kimo cha mita 12, kwa hiyo mwale unaingia kwenye ukungu ukiwa umetembea mita 180 na unagonga maji kwenye mita 300. Ndani ya ukungu ni mita 120 tu. Hatua zako ni za mita 20, kwa hiyo kati ya zile 24 ni 6 tu zimeangukia ndani, zilizobaki umeuliza hewa tupu. Pikseli ya chini yake kidogo mwale wake umeinama zaidi, njia yake ndani ya ukungu ni fupi, unafika mahali hatua ya sita inaangukia nje. Ghafla pikseli hii ina sampuli 6 na jirani yake ana 5. Tuseme uzito wa ukungu ni 0.01 kwa mita, mwanga unaopenya baada ya sampuli 5 ni `exp(-1.0)` ambayo ni kama 0.37, baada ya 6 ni `exp(-1.2)`, 0.30. Hapo katikati hakuna kitu, ni kuruka tu. Huo ndio mkanda wako, na unaizunguka kamera kwa sababu pikseli zote zinauliza kwenye umbali uleule, 20, 40, 60, kama pete.

Sasa tuonyeshe lupu yako, hasa pale noizi inapoingia. Nina wasiwasi na mahali pamoja.

nzuguni_pikseli
Daah hii ya sampuli 6 na 5 nimeielewa vizuri kuliko video zote nilizoangalia. Kodi yangu hii hapa (sio ile ya TRA):

```glsl
float dt = 480.0 / 24.0;
float n = texture(noizi, vUv * 8.0).r;
float t = n;
for (int i = 0; i < 24; i++) {
  vec3 p = ro + rd * t;
  float tr = exp(-ukungu(p) * dt);
  rangi += T * taa(p) * (1.0 - tr);
  T *= tr;
  t += dt;
}
```

binti_kolo
Ndio palepale. `t = n`. Noizi yako inatoa namba kati ya 0 na 1, kwa hiyo unamsogeza mwale mita 0 mpaka 1, wakati hatua yenyewe ni mita 20. Umetikisa asilimia 5 ya hatua, asilimia 95 bado pikseli zote zinasimama pamoja. Ndio maana ukingo wa mkanda umelainika kidogo lakini mkanda upo. Noizi lazima izidishwe na `dt` ili kila pikseli ianze popote ndani ya hatua nzima ya kwanza, hapo pete zinavunjika kabisa kwa sababu jirani na jirani hawaulizi tena mahali pamoja.

Na wakati uko hapo, usianze kumachi kutoka kwenye kamera. Tafuta mwale unapoingia kwenye ukungu na unapotoka, ugawe hicho kipande tu:

```glsl
float a = (12.0 - ro.y) / rd.y;
float b = (0.0 - ro.y) / rd.y;
float t0 = max(min(a, b), 0.0);
float t1 = min(max(a, b), kina);
if (t1 <= t0) return;
float dt = (t1 - t0) / 24.0;
float t = t0 + dt * n;
```

`kina` ni umbali mpaka kitu cha kwanza, kama mbuyu umesimama mbele mwale uishie pale. Kwenye mfano wetu sasa ni 120 gawa kwa 24, hatua ya mita 5 badala ya 20, kwa bei ileile. Na mwale unaotazama mbinguni hauna kazi, unarudi hapohapo. Chunga tu `rd.y` ikiwa sifuri kabisa, isukume kidogo isije ikagawanya kwa sifuri. Na pale kwenye upeo wa macho ambapo mwale umelala karibu sambamba na maji `t1` inaweza kwenda kilomita nyingi, kwa hiyo ibane bado na 480 yako.

nzuguni_pikseli
DADA. Mapinde yamekwenda. Simu imetoka fremu 31 imefika 52 kwa hatua zilezile 24, nadhani ni kwa sababu nusu ya skrini ni anga.

Ila madoa yapo, tena sasa ndio yanaonekana vizuri. Sio punje punje ndogo, ni mabaka makubwa laini na ukikaza macho kuna kama vigae vya mraba.

kijana_wa_UDOM
Tupa hiyo tekscha mkuu, kuna fomula inafanya kazi bila tekscha:

```glsl
float n = fract(sin(dot(gl_FragCoord.xy, vec2(12.9898, 78.233))) * 43758.5453);
```

Kila mtu anatumia hii.

binti_kolo
Kila mtu anaitumia na kwenye simu nyingi inamuumbua, ukiwa na `precision mediump float` hiyo sini ya namba kubwa inapoteza tarakimu zote za mwisho na ndizo unazozihitaji, inaanza kuchora mistari. Hata ikifanya kazi inakupa noizi nyeupe. Noizi nyeupe haijali jirani, pikseli tano zinaweza kuangukia namba kubwa kwa bahati zikakaa pamoja, jicho linaziona kama doa. Bluu noizi imepangwa majirani wasifanane, kubwa imezungukwa na ndogo, kwa hiyo ukisogea nyuma kidogo jicho linazichanganya linaona rangi laini ya katikati. Njia ya kuipanga hivyo ni ya Robert Ulichney, 1993, unahesabu mara moja unahifadhi kama tekscha ndogo ya 64 kwa 64 unairudiarudia skrini nzima.

Nzuguni, hiyo tekscha ulitumiwaje?

nzuguni_pikseli
Jamaa alinitumia kwenye simu, app ya meseji. Kama picha.

binti_kolo
Kama picha. Sio kama faili?

nzuguni_pikseli
Kama picha 😅 jina ni noizi.jpg

binti_kolo
Haya. JPEG inakata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kipande kinachobanwa zaidi ni mabadiliko ya harakaharaka kati ya pikseli na pikseli, kwa sababu kwenye picha ya mtoto wa shangazi hakuna atakayeona. Sasa bluu noizi haina kitu kingine zaidi ya hayo mabadiliko ya harakaharaka. Wamekutumia mkaa wametoa moto. Kilichobaki ni yale mawimbi mapana, na hivyo vigae vya mraba unavyoviona ni vile 8 kwa 8. Ifungue uikuze mara kumi utaviona wazi.

Tafuta PNG. Halafu usisome kwa `vUv * 8.0`, hiyo inaivuta tekscha kufuata ukubwa wa skrini, punje moja inaweza kulala juu ya pikseli tatu na nusu. Punje moja pikseli moja, bila kulainisha:

```glsl
ivec2 k = ivec2(gl_FragCoord.xy) & 63;
float n = (texelFetch(noizi, k, 0).r * 255.0 + 0.5) / 256.0;
```

Na usiiambie three.js kwamba tekscha ni `SRGBColorSpace`. Ukifanya hivyo itazinyoosha namba kana kwamba ni rangi, nyingi zitasogea chini, wastani hautakuwa 0.5 tena, miale mingi inaanzia mwanzoni mwa hatua na mkanda unaanza kurudi kimyakimya. Hii iliwahi kunila siku mbili nzima.

kijana_wa_UDOM
Na ile ya Jorge Jimenez ya 2014 dada? Haihitaji tekscha na sio ile sini:

```glsl
fract(52.9829189 * fract(dot(gl_FragCoord.xy, vec2(0.06711056, 0.00583715))))
```

binti_kolo
Hiyo nzuri, weka `highp` tu. Ila yeye aliipanga kwa watu wenye TAA nyuma inayochanganya majirani na fremu zilizopita. Bila hiyo ukikaza macho unaona mpangilio wa mistari ya mshazari. Mimi kwa mandhari iliyotulia nachagua bluu noizi.

nzuguni_pikseli
Nimerudi. PNG imeingia, `texelFetch` imeingia, kwenye laptopu sioni punje wala mkanda, ni UKUNGU. Nimemuita mama aje aone akaniuliza mbona hujaweka mitumbwi.

Mambo mawili yamebaki. Moja, kwenye simu bado naona chembe kama mchanga. Mbili, kule juu ambapo anga bado lina giza na ukungu unaisha taratibu kuna mikanda mipana iliyofifia sana, nimenyonya rangi kama ulivyonifundisha, 18, 19, 20, inapanda moja moja.

baba_gama
Moja moja! Nilisema biti 8 mimi.

binti_kolo
Hiyo sasa ni yako baba, halali kabisa 😄 Ila dawa bado sio bafa ya 16, kwa sababu mwisho wa safari inashuka kwenye skrini ya biti 8 tu, unakuwa umehamisha tatizo mlango wa mwisho. Unaditha pale mlangoni. Baada ya toni mapu, baada ya gama, mstari wa mwisho kabisa:

```glsl
ivec2 k2 = ivec2(gl_FragCoord.xy + vec2(17.0, 41.0)) & 63;
float d = texelFetch(noizi, k2, 0).r;
rangi += (d - 0.5) / 255.0;
```

Nimeisogeza tekscha kwa 17 na 41 ili isiwe noizi ileile iliyotikisa mwale, zisije zikashikana. Ukiiweka kabla ya gama inaharibika, kwenye giza gama inaikuza noizi inakuwa chafu na kwenye mwanga inaibana haitoshi kufunika mkanda. Na bafa ya 16 ya baba_gama ibakie kama una hatua za kati, maana ukihifadhi katikati kwenye biti 8 mkanda unakuwa umeshachorwa kabla hujafika mlangoni, huko mwisho utaditha mkanda.

baba_gama
Nimeridhika. Nitasema nilishinda nusu.

binti_kolo
Kuhusu simu, umeweka `setPixelRatio` ngapi?

nzuguni_pikseli
1. Nilishusha kipindi kile napata fremu 11.

binti_kolo
Basi ndio mchanga wako. Kanvasi inachorwa ndogo, brauza inaivuta kujaza kioo na inalainisha njiani. Punje yako ya pikseli moja inakuwa pikseli mbili na nusu, jicho linaiona. Ujanja wote wa bluu noizi unategemea punje iwe ndogo kuliko jicho linavyoweza kutenganisha. Sasa hivi una fremu 52, jaribu 1.5 uone. Ukishindwa chora anga na mibuyu kwa ukubwa wa kawaida, ukungu peke yake kwenye bafa ndogo, halafu ulainishe ukungu kabla ya kuubandika, ukichunga usivuke kingo za mibuyu kwa kulinganisha kina, vinginevyo kila mbuyu utavaa taji la malaika.

kijana_wa_UDOM
Mbona hamjasema kuisogeza kila fremu? Hii inaondoa punje zote kwangu:

```glsl
n = fract(n + float(fremu % 64) * 0.61803399);
```

binti_kolo
Kwenye kioo gani na fremu ngapi?

kijana_wa_UDOM
Laptopu ya gemu, 144.

binti_kolo
Kwa 144 jicho lako linajumlisha fremu lenyewe, sikatai. Kwa 60 inavumilika. Simu ikishuka mpaka 30 bila TAA ukungu unachemka kama uji, mimi ningeacha noizi isimame.

kijana_wa_UDOM
Noizi iliyosimama nayo mbaya dada, ukizungusha kamera ukungu unasogea punje zinabaki zimeganda kwenye kioo, kama dirisha la daladala lenye vumbi. Mi naona bora ichemke.

mzalendo_wa_Kongwa
Vumbi!! Si nilisema.

binti_kolo
Hiyo ya dirisha ni kweli, sina jibu la kumfaa kila mtu. Nzuguni jaribu zote mbili kwenye simu yako kamera ikiwa inatembea, uchague inayokukera kidogo.

nzuguni_pikseli
Ripoti. 1.5 inanipa fremu 38 na mchanga umepungua sana, haujaisha. Iliyosimama nimeipenda kwa sababu kamera yangu inatembea polepole, ikichemka mdogo wangu alisema picha ina wadudu. Mikanda ya giza imekwisha kabisa na ule mstari wa mlangoni.

Kitu kingine lakini. Nimerekodi skrini sekunde 20 nikamtumia mteja, amenipigia anasema ukungu una miraba miraba na mikanda imerudi. Kwangu haipo.

binti_kolo
Umeirekodi ukaituma kwa app ya meseji?

nzuguni_pikseli
...ndio.

binti_kolo
Ni kesi ya noizi.jpg imerudi na nguo nyingine. Video nayo inabanwa kwa vipande, na punje zako ndizo za kwanza kufutwa, zikifutwa mkanda uliokuwa umefichwa chini unabaki uchi. Mtumie linki afungue kwenye brauza yake.

nzuguni_pikseli
Simu yake ya zamani, linki haifunguki. Na anataka kuiweka kwenye televisheni ya mapokezi, video inayojirudia.

binti_kolo
Kwa video usitegemee noizi, renda kwa hatua 200 hata ikichukua usiku kucha maana hakuna haraka tena, ile mikanda ya hatua itakuwa haipo kwenye picha yenyewe hata wakibana. Ile ya giza ya moja moja ndio itakusumbua, biti 8 ni biti 8. Bitireti kubwa itasaidia kiasi.

baba_gama
Au enkodi biti 10, kama hiyo televisheni yao inasoma. Ulizia modeli kwanza.

nzuguni_pikseli
Nimemuuliza modeli, kanitumia picha ya nyuma ya televisheni. Imebanwa, namba hazisomeki.